Mara ya kwanza kwa mtaalamu wa usikivu: maswali tunayoulizwa Kigoma

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Kigoma Mjini, Ujiji, Uvinza, Kasulu na vijiji vya ziwani, na mara nyingi anayeuliza si mgonjwa bali binti au mjukuu aliyemleta. Majibu yanahusu ziara ya kwanza tu: unachoulizwa, unachopimwa, na muda unaokaa pale. Kwenye majibu kadhaa nitamtumia mzee mmoja wa mfano, mwenye miaka 62, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, kwa sababu wanaofanana naye ni wengi.

Nianze kwa daktari au kwa mtaalamu wa usikivu?

Anza na kituo kilicho karibu nawe, zahanati au kituo cha afya, upate rufaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa kwetu ni Maweni. Daktari wa masikio, pua na koo anatibu ugonjwa: usaha, tundu kwenye ngoma ya sikio, uvimbe. Mtaalamu wa usikivu anapima unasikia kiasi gani na tatizo limekaa sehemu gani ya sikio, kisha anashughulikia vifaa vya kusikia. Wawili hawa wanategemeana, kwa hiyo usishangae ukitumwa kwa mmoja halafu ukarudishwa kwa mwingine siku hiyo hiyo.

Kabla ya kupanda gari kutoka Kibondo au Nguruka, piga simu uulize mambo mawili: mashine ya kupimia usikivu inafanya kazi, na mpimaji yupo siku gani. Kuna watu wamelala mjini siku mbili bure kwa kukosa kuuliza hayo. Vipimo visivyopatikana mkoani, hasa vya watoto wachanga, hufanyika kwenye hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, au Muhimbili.

Kuna hali ambayo sipaswi kusubiri miadi?

Ipo, nayo ndiyo watu wanaichukulia poa kuliko zote. Ukiamka sikio moja limeziba ghafla, au usikivu umeshuka ndani ya siku moja, mbili au tatu bila mafua wala maji kuingia, nenda hospitali siku hiyo. Huenda ni mshipa wa fahamu au sikio la ndani, na dawa zake, za jamii ya steroidi, hufaa zaidi zikianza ndani ya siku chache. Baada ya wiki mbili nafasi ya kurejesha usikivu hupungua sana. Wengi hupewa matone ya "sikio kuziba" dukani, wakangoja mwezi.

Nyingine ni uvimbe nyuma ya sikio pamoja na homa, uso kupinda upande mmoja, na mtoto aliyeingiza betri ndogo ya saa au ya mdoli sikioni. Betri huunguza ngozi kwa saa chache tu. Usimwekee matone yoyote, mkimbize hospitali.

Nijiandae vipi?

Usikae kwenye kelele kubwa kuanzia jana yake jioni. Spika za harusi, mashine ya kusaga, jenereta au injini ya boti huchosha sikio kwa muda, na ukipimwa asubuhi yake karatasi itaonyesha usikivu mbaya kuliko ulio nao kweli. Mzee wetu fundi anaambiwa asiwashe injini hata moja tangu jioni.

Usichokonoe masikio kwa pamba za vijiti, njiti ya kiberiti wala ufunguo ili yawe "safi". Unaisukuma nta ndani, na mara nyingine unakwangua ngozi ikatoa damu, hapo hata kuangalia kunakuwa kugumu. Kama ulishaweka mafuta ya taa, maji ya majani au maziwa ya mama, sema tu. Hatugombezi mtu, ila tunahitaji kujua tunachokiona mle ndani ni nini.

Beba dawa zako zote kwenye mfuko, hata zile ulizomaliza kama boksi bado lipo, pamoja na kadi za kliniki, kadi ya bima na karatasi ya kipimo chochote cha zamani. Halafu njoo na mtu unayeishi naye. Hili nalisisitiza kuliko yote, na sababu yake iko kwenye jibu linalofuata.

Nitaulizwa nini?

Maswali huchukua dakika kumi na tano hadi ishirini, na kila moja lina kazi. Tunatafuta mahali sauti inapokwama: kwenye njia ya sikio, nyuma ya ngoma, au kwenye sikio la ndani ambako sauti hugeuzwa kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo.

Kwanza ni lilianza lini, ghafla au polepole, sikio moja au yote. Kupungua polepole kwa masikio yote miaka mingi ni hadithi moja, na sikio moja tu likiwa baya bila sababu ni hadithi nyingine inayohitaji daktari alifuatilie. Kisha usaha: liliwahi kutoka utotoni, linatoka sasa, lina harufu? Kisha mvumo masikioni na kizunguzungu. Ukisema kizunguzungu utaulizwa zaidi, kwa maana kuyumba ukisimama haraka si sawa na nyumba yote kuzunguka umelala kitandani.

Halafu kazi. Hapa mzee wetu anaanza kwa kusema, "Mimi ni fundi tu." Ukimuuliza fundi wa nini, kwa miaka mingapi, na alikuwa anasikiliza injini kwa sikio lipi, picha inabadilika. Miaka thelathini ya kuinamia injini bila kinga ya masikio ni jibu nusu tayari.

Halafu dawa. Tunauliza kama umewahi kuchomwa sindano za kifua kikuu, hasa streptomaisini, kanamaisini au amikasini, au kulazwa ukachomwa jentamaisini kwa siku nyingi. Dawa hizi zinaokoa maisha, lakini zinaweza kuharibu chembe za kusikia zilizo sikio la ndani, na zikishaharibika hazioti tena. Kwinini nayo huleta mvumo na usikivu kushuka, ila kwa kawaida hali hurejea dawa ikiisha mwilini. Tutauliza pia homa ya uti wa mgongo, surua, kisukari, presha, na kama ndugu wa damu walikuwa viziwi.

Mwisho tunamgeukia aliyekuleta. Mzee atasema, "Mimi nasikia vizuri, watu wa siku hizi ndio wanaongea chini chini." Binti yake atasema, "Shikamoo baba, lakini jana umemwambia mteja elfu tisa wakati yeye alisema sita." Sikiliza hayo maneno mawili: sita na tisa yana irabu zile zile, kilichobadilika ni nafasi ya "s" na "t". Sauti hizo ni nyembamba na dhaifu, ndizo za kwanza kupotea kwa mtu aliyeumizwa na kelele au umri. Ndiyo maana anasikia kwamba umeongea, ila hajui umesema nini. Kauli hiyo ya binti inatuelekeza kwenye kipimo kabla hatujawasha mashine.

Wanaangalia nini ndani ya sikio, na inauma?

Haiumi kama sikio halina kidonda. Mpimaji anashika sikio la mtu mzima na kulivuta juu na nyuma ili njia inyooke (la mtoto mdogo huvutwa chini na nyuma), kisha anaingiza ncha ndogo ya kifaa chenye taa. Wengine hukohoa ncha ikigusa ukuta wa njia. Kuna mshipa pale unaohusiana na koo, si ugonjwa. Anatazama nta, fangasi, usaha, wadudu, na rangi na umbo la ngoma. Ngoma yenye tundu inaonekana wazi.

Baadhi ya sehemu watatumia pia uma wa chuma unaolia ukigongwa. Ukiwekwa katikati ya paji la uso, mtu mwenye nta au maji nyuma ya ngoma huusikia zaidi upande wa sikio bovu. Watu hushangaa na kudhani wamekosea kujibu. Jibu ulivyosikia.

Panaweza kuwepo pia mashine inayoziba mdomo wa sikio kwa ncha ya mpira na kusukuma hewa kidogo. Unasikia mgandamizo kama uko kwenye gari linaloshuka mlima, na inachukua dakika moja kwa kila sikio. Inapima kama ngoma inacheza. Humjibu mtu yeyote hapo, wala usimeze mate ukiweza.

Wakikuta nta, watanisafisha siku hiyo?

Ikiwa laini, ndiyo, na inaweza kuwa hapo ndipo tatizo lako limeishia. Ikiwa kavu na imegandamana, si busara kuilazimisha. Utapewa matone ya kulainisha, au utaambiwa uweke matone machache ya mafuta ya zeituni ya vuguvugu mara mbili kwa siku kwa siku tatu hadi tano, kisha urudi. Matone hayo yanaweza kuziba sikio zaidi kwa muda, maana nta huvimba. Usitishike.

Maji ya kusafishia lazima yawe na joto la mwili, nyuzi 37 hivi. Ya baridi au ya moto hukuletea kizunguzungu kikali hapo hapo kwenye kiti. Na mtu mwenye tundu kwenye ngoma hasafishwi kwa maji kabisa, kwa hiyo kama uliwahi kutokwa usaha, sema kabla bomba halijaja karibu.

Mzee wetu alikutwa na nta ngumu sikio la kushoto. La kulia lilikuwa safi.

Kile kipimo cha "bonyeza ukisikia" kinakwendaje?

Hiki ndicho kiini cha ziara, na huchukua dakika ishirini hadi thelathini. Unakaa kwenye chumba kidogo kisicho na kelele, mgongo au ubavu kwa mpimaji ili usione mikono yake. Unavua miwani, hereni, na kitambaa au kofia inayozuia vipokea sauti visikae sawa. Unapewa kitufe.

"Mzee, utasikia vimlio. Vingine viko mbali sana. Hata ukidhani umesikia, bonyeza. Usisubiri kiwe kikubwa."

Tunaanza na sikio unaloona ni bora, kwa mlio wa wastani wa hezi 1000. Ukisikia tunaushusha desibeli 10, tena 10, hadi unyamaze. Kisha tunaupandisha kwa 5 hadi ubonyeze. Tunarudia mpaka tupate kiwango kidogo kabisa unachokisikia walau nusu ya mara. Kisha tunakwenda kwenye milio myembamba, 2000, 4000 na 8000, tunarudi tena 1000, halafu mizito ya 500 na 250.

Kule kurudi 1000 si kusahau. Tunakupima wewe na sisi wenyewe: jibu la mara ya pili likitofautiana na la kwanza kwa zaidi ya desibeli 5, maana yake hukuelewa maelekezo, umechoka, au vipokea sauti vimesogea, na tunaanza upya. Usione ni dharau.

Kosa la wengi ni kungoja mlio uwe wazi ndipo wabonyeze, hasa wazee wanaoogopa kuonekana wanabahatisha. Mwenye mvumo masikioni naye huchanganya mvumo wake na mlio. Mwambie mpimaji, atatumia mlio unaokatika katika.

Baadaye vipokea sauti huondolewa na kifaa kidogo hubanwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Sasa sauti inapita mfupani moja kwa moja hadi sikio la ndani, ikiruka njia na ngoma. Ukisikia vizuri kwa mfupa na vibaya kwa hewa, sikio la ndani ni zima, kikwazo kiko mbele yake. Vyote viwili vikiwa chini sawasawa, tatizo ni la ndani. Wakati mwingine sikio la pili litajazwa mlio kama mvua kwenye bati. Upuuze, bonyeza kwa vimlio tu. Unawekwa ili sikio zima lisijibu kwa niaba ya bovu.

Hospitali iko barabarani na bodaboda zinapita. Kipimo kitaaminika?

Swali zuri, na una haki ya kumuuliza mpimaji. Kelele za nje huharibu zaidi milio mizito, 250 na 500, na huharibu zaidi kipimo cha mfupa kwa kuwa masikio yako wazi. Ukiona karatasi inasema masikio yote mawili yamepungua kwenye milio mizito pekee, na jenereta lilikuwa linanguruma dirishani, omba kurudiwa asubuhi mapema pakiwa kimya. Mpimaji makini huvaa vipokea sauti yeye mwenyewe kwanza kila asubuhi. Kama yeye mwenye masikio mazima hasikii mlio mdogo, hapimi mtu.

Karatasi ile yenye mistari inasomwaje?

Kutoka kushoto kwenda kulia ni milio mizito hadi myembamba. Kutoka juu kwenda chini ni ukubwa wa sauti unaohitaji ili usikie, kwa hiyo mstari ukishuka, usikivu umepungua. Duara ni sikio la kulia, alama ya kuzidisha ni la kushoto. Desibeli si asilimia. Anayekuambia "umepoteza asilimia arobaini" kwa kusoma 40 pale amekosea.

Sikio la kulia la mzee wetu: 20 kwenye hezi 500, 25 kwenye 1000, 40 kwenye 2000, 65 kwenye 4000, kisha mstari unapanda tena hadi 50 kwenye 8000. Jumla ya zile nne za kwanza ni 150, gawa kwa 4 unapata 37.5. Kwa mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, chini ya 20 ni usikivu wa kawaida, 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo, na 35 hadi chini ya 50 ni wa wastani. Yeye ni wa wastani. Lakini wastani huo unaficha jambo: sauti nzito anazisikia karibu kama kijana, shimo liko 4000. Shimo hapo, likifuatiwa na kupanda kwenye 8000, ndiyo alama ya kawaida ya kelele. Umri peke yake kwa kawaida huendelea kushuka bila kupanda. Na kwa mfupa alipata karibu yale yale, kwa hiyo ni sikio la ndani.

La kushoto kwa hewa lilionyesha 45 kwenye 500 na 50 kwenye 1000, lakini kwa mfupa 20 na 25. Tofauti ya 25 ni kikwazo cha mbele, na tayari tulishaiona nta. Asingepimwa kwa mfupa, mtu angemwambia sikio la kushoto limekufa zaidi. Aliporudi baada ya siku tano za matone na kusafishwa, la kushoto lilikuwa karibu sawa na la kulia.

Omba nakala ya karatasi hii, au ipige picha kwa simu. Kipimo cha miaka miwili baadaye hakina maana kubwa bila hiki cha kwanza.

Mtoto wangu ana mwaka na nusu na hajibonyezi kitufe. Inakuwaje?

Hahitaji kubonyeza. Mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili na kitu huchezewa sauti kutoka pembeni na hufundishwa kwamba akigeuka ataona mdoli unaowaka. Wa miaka mitatu hutia kibao kwenye kikapu kila akisikia. Mchanga zaidi hupimwa akiwa amelala: kifaa kidogo sikioni husikiliza mwangwi unaotoka sikio la ndani, au vibandiko kichwani husoma majibu ya mshipa wa fahamu. Mnyonyeshe muda mfupi kabla ya zamu, si nyumbani asubuhi, ili alale pale.

Utaulizwa ujauzito na kuzaliwa: alilia mara moja, alipata umanjano mkali, alilazwa, alichomwa sindano gani, maneno yapi anasema. Kupiga makofi nyuma yake nyumbani si kipimo. Watoto viziwi huhisi upepo na huona kivuli. Tegemea kurudi mara mbili au tatu.

Jumla nitakaa muda gani?

Ndani ya chumba ni saa moja hadi saa moja na nusu kwa mtu mzima. Foleni ni yako na Mungu wako. Anayetoka Kasulu au Uvinza ahesabu siku nzima, na asipange safari ya kurudi saa nane.

Nitaondoka na mashine ya kusikia siku hiyo?

Haifai, na anayekuuzia siku hiyo hiyo bila kukupima kwa mfupa na hewa usimpe hela. Mashine huwekwa sauti kwa kufuata karatasi yako: mzee wetu anahitaji kuongezewa milio myembamba na kuachwa ile mizito ilivyo. Ile ya dukani inayokuza kila kitu itampigia ngurumo za pikipiki na bado "sita" itabaki "tisa".

Siku ya kwanza utaambiwa kama unaihitaji, sikio lipi, na vipande vya plastiki vya kukaa sikioni vitachongwa au kuchaguliwa vipi. Uliza pia betri ni za ukubwa gani, 13, 312 au 675, na zinapatikana wapi hapa mjini, kwa sababu hudumu wiki moja au mbili hivi, na mashine nyingi nimeziona zimelala kabatini Ujiji si kwa kuharibika bali kwa kukosa betri.

Nikipimwa na nikaambiwa sikio la ndani limeharibika kwa kelele, niache kazi?

Mzee wetu aliuliza hivyo hivyo akiwa ameshika mlango. Kilichopotea hakirudi, ila kinachobaki kinalindwa: vikinga masikio vya kufunika kila injini inapowaka, na kijana wake ndiye aiwashe injini ya kujaribia huku yeye akisimama mbali. Akirudi baada ya mwaka tunapima tena, na tunatazama kwanza ile namba ya 4000.